Ratiba Imejaa Majina, Usiku Hauna Mtu: Kutafuta Chanzo na Kuziba Pengo la Zamu

Ratiba ya zamu inaweza kuwa na majina kwenye kila tarehe na bado usiku mmoja ukabaki bila mfanyakazi hata mmoja. Kasoro hii ni tofauti na ile ya kisanduku kitupu, ambayo jicho huiona mara moja. Hii hujificha kwa sababu kila kiongozi wa kundi husema kwamba watu wake wamepangwa sawasawa, na kila mmoja wao husema kweli. Mwongozo huu unaifuatilia kasoro hiyo kupitia kisa cha msimamizi mmoja wa ghala la baridi lililoko Kurasini, Dar es Salaam, aliyeigundua siku ya Ijumaa na kuiziba kabla ya usiku wa Jumapili.

Ghala hilo huhifadhi samaki na kuku waliogandishwa, na joto la vyumba vyake halitakiwi kupanda juu ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Zamu ya usiku huanza saa nne usiku na kumalizika saa kumi na mbili asubuhi, ikiwa na watu watatu: fundi wa mitambo ya baridi, mwendesha jenereta na karani anayesoma vipimajoto kila saa na kuandika kwenye daftari la joto. Jenereta ya ghala hilo huwashwa kwa mkono, hivyo umeme ukikatika usiku na asiwepo mtu, mitambo hubaki imezimwa mpaka asubuhi. Walinzi wa getini wapo usiku kucha, lakini ni wa kampuni nyingine na hawana ruhusa ya kugusa mitambo. Taa ya kibanda chao ikiwaka, mpita njia yeyote ataamini kwamba ghala lina watu.

Makundi mawili, A na B, hupokezana usiku kwa wiki. Kila kundi lina watu wanne, ili kila usiku watatu wawe kazini na mmoja apumzike. Kundi lisilo la usiku hufanya matengenezo ya mchana kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Zamu za asubuhi na jioni zina watu wake wa kudumu.

Dalili

Dalili ya kwanza haikutoka kwenye ratiba, ilitoka kwa dereva wa haisi ya kampuni. Alasiri ya Ijumaa tarehe 21, dereva huyo alikuwa akiandaa orodha ya watu wa kuwapitia Mbagala, Tandika na Temeke, akakwama kwenye usiku mmoja.

"Dada, Jumapili usiku nampitia nani?" aliuliza. "Wa kundi B wanasema Jumapili asubuhi wanashuka, ndiyo basi. Wa kundi A wanasema wao wanapanda Jumatatu usiku."

Msimamizi alifungua ratiba kwenye kompyuta na kukuta mistari hii:

```
Tarehe   Zamu    Kundi
22       Usiku   B
23       Usiku   B
24       Usiku   A
```

Jumapili tarehe 23 ilikuwa na kundi B na majina matatu kamili. Kwa macho, ratiba haikuwa na tatizo, na wasimamizi wengi wangemwambia dereva aifuate kama ilivyo. Yeye hakufanya hivyo, kwa kuwa maneno ya dereva yalimkumbusha jambo lililotokea Jumapili iliyotangulia, tarehe 16, ambapo watu sita walifika kwa zamu ya usiku badala ya watatu. Jambo hilo lilichukuliwa kuwa mkanganyiko mdogo wa mawasiliano, watatu wakarudishwa nyumbani, na hakuna aliyeliandika popote.

Hapa ndipo penye ufunguo wa tatizo zima. Watu wakizidi maradufu kwenye usiku mmoja wa kupokezana, na mpangilio wenyewe ukawa ni wa makundi mawili yanayobadilishana, basi usiku wa kupokezana unaofuata una hatari kubwa ya kukosa watu kabisa. Ziada na pengo huwa ni pande mbili za kosa moja. Ziada ikitangulia haimdhuru mtu, kwa hiyo hupuuzwa, ilhali ndiyo onyo pekee ambalo ratiba ya namna hii hulitoa.

Sababu zinazofanana na namna ya kuzitenga

Kabla ya kuamini kwamba kosa ni la tarehe, msimamizi aliziondoa kwanza sababu mbili ambazo hujitokeza mara kwa mara katika ratiba za hapa kwetu.

Ya kwanza ni saa iliyoandikwa kwa hesabu yetu ndani ya jedwali linalohesabu saa 24. Mtu akiandika 4:00 akimaanisha saa nne usiku, kompyuta huisoma kuwa saa kumi alfajiri. Dalili yake ni kwamba asubuhi huonekana ina watu wengi kupita kiasi, na usiku wote wa mtu huyo, si mmoja tu, huonekana mtupu. Katika ratiba ya ghala, saa zote za usiku zilikuwa zimeandikwa 22:00 na 06:00, kwa hiyo sababu hii iliondoka.

Ya pili ni mpangilio wa majira ya saa katika programu. Dar es Salaam iko saa tatu mbele ya majira ya kimataifa ya UTC mwaka mzima, hivyo programu iliyoachwa kwenye UTC husogeza kila zamu kwa saa tatu. Kasoro hiyo haichagui. Huathiri asubuhi, jioni na usiku kwa kiasi kilekile. Kama ni usiku mmoja tu unaotiliwa shaka na zamu nyingine ziko sawa, si majira ya saa.

Chanzo chenyewe

Msimamizi aliwapigia simu viongozi wa makundi yote mawili na kuwauliza swali lilelile, bila kuwaonyesha anachokishuku. Kiongozi wa kundi B ni mtu mzima aliyekabidhiwa kundi hilo mwezi huohuo, baada ya mwenzake kuhamishwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, ile zamu ya usiku uliyoiandika tarehe 23, watu wako wanaingia getini siku gani, saa ngapi?"

"Wanaingia Jumamosi saa nne usiku, Jumapili asubuhi wanakabidhi. Mimi huandika tarehe ya kukabidhi, maana ndiyo inayotiwa saini kwenye daftari la joto."

Kiongozi wa kundi A alijibu kwamba tarehe 24 ni siku watu wake wanayoingia. Kwa hiyo kiongozi mmoja aliutaja usiku kwa siku unapoanza, na mwingine kwa siku unapokwisha. Kila utaratibu una mantiki yake, na kundi likijitazama lenyewe haliwezi kugundua lolote, kwa sababu ndani ya wiki yake usiku wote saba umefuatana bila kukatika.

Tatizo huzaliwa kwenye mpaka wa makundi. Kundi A lilipomaliza wiki ya tarehe 10 hadi 16, usiku wake wa mwisho ulianza Jumapili tarehe 16. Kundi B, lililoandikiwa tarehe 17 hadi 23, lilihesabu kwamba usiku wake wa kwanza ni ule unaokwisha asubuhi ya tarehe 17, yaani uleule wa Jumapili tarehe 16. Ndipo watu sita wakakutana getini. Kwenye mpaka wa pili mambo yaligeuka. Usiku wa mwisho wa kundi B ulikwisha asubuhi ya tarehe 23, na usiku wa kwanza wa kundi A ulianza saa nne usiku ya tarehe 24. Kati ya saa nne usiku ya Jumapili tarehe 23 na saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu tarehe 24 hapakuwa na mtu, ingawa tarehe zote mbili zilikuwa na majina.

Swali la kuingia na kutoka ndilo kipimo cha uhakika kuliko vyote, na halihitaji kompyuta. Ukimuuliza mtu kama yuko zamu ya usiku tarehe 23, atajibu ndiyo au hapana kwa tafsiri yake mwenyewe. Ukimuuliza anaingia getini siku gani na anatoka siku gani, hana nafasi ya kutafsiri.

Kwa nini ukaguzi wa jedwali haukulia

Ratiba hiyo ilikuwa na ukurasa wa kuhesabu watu walioko kazini kila saa, na msimamizi alitaka kujua kwa nini ukurasa huo ulinyamaza. Safu ya D ilikuwa na saa ya kuanza, ya E saa ya kumaliza, na ya G saa inayokaguliwa. Fomula ilikuwa hii:

```
=COUNTIFS(D:D,"<="&G2,E:E,">"&G2)
```

Fomula inahesabu kila mtu aliyekwisha kuanza kabla ya saa inayokaguliwa, au saa ileile, na ambaye bado hajamaliza. Kwa zamu ya 06:00 hadi 14:00 inafanya kazi vizuri. Kwa zamu ya 22:00 hadi 06:00 inashindwa, kwa sababu seli zina saa peke yake bila tarehe. Saa tano usiku, yaani 23:00, fomula inauliza kama 06:00 ni kubwa kuliko 23:00, inapata jibu la hapana, na kumwondoa kwenye hesabu mtu ambaye kwa kweli yuko kazini. Matokeo yake, ukurasa ulionyesha sifuri kila usiku wa mwaka, na sehemu ya usiku ikawa nyekundu daima. Wekundu usiokoma haumwonyi mtu yeyote, na mtu fulani, pengine kwa nia njema ya kusafisha ukurasa, alikuwa ameziondoa rangi kwenye saa za usiku.

Ikumbukwe basi tofauti hii wakati wa kuchunguza: sifuri ikitokea kila usiku, fomula ndiyo mbovu, sifuri ikitokea usiku mmoja tu, ratiba ndiyo yenye pengo. Ghala lilikuwa na maradhi yote mawili kwa wakati mmoja, na la kwanza ndilo lililolificha la pili.

Kuziba usiku wa Jumapili

Kurekebisha jedwali kungeweza kusubiri siku mbili, lakini Jumapili isingesubiri. Msimamizi alianza na watu.

Jambo la kwanza linalomjia kila mtu ni kuwaambia kundi B waongeze usiku mmoja. Alilikataa. Watu wa kundi hilo walikuwa wakimaliza Jumapili asubuhi na kutakiwa kwenye matengenezo Jumatatu saa mbili asubuhi. Wangefanya kazi usiku kucha na kubaki na saa mbili tu kabla ya kazi inayofuata, wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apate angalau saa 12 mfululizo za mapumziko kila siku, na angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Tukiacha hata sheria, mtu aliyechoka ndiye angetakiwa kuwasha jenereta gizani, na hilo halifai.

Kundi A lilikuwa mapumzikoni tangu Ijumaa jioni, hivyo lingeweza kuanza siku moja mapema bila kuvunja kanuni ya mapumziko. Hata hivyo, kati ya watu wanne, wawili walikuwa wameshasafiri, mmoja kwenda Ifakara kwenye msiba na mwingine Lushoto, wakijua kwamba wanahitajika Jumatatu usiku. Waliobaki mjini, fundi wa baridi na mwendesha jenereta, walikubali. Nafasi ya karani ikabaki wazi.

Kwa nafasi hiyo msimamizi aliugawa usiku katikati, na mgawo huo unastahili kuelezwa kwa makini kwa sababu saa ya kugawia haichaguliwi ovyo. Karani wa zamu ya jioni huingia saa nane mchana na kutoka saa nne usiku. Sheria hairuhusu mtu kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, pamoja na saa za ziada, kwa hiyo angeweza kuendelea hadi saa nane usiku na si zaidi. Karani wa zamu ya asubuhi alikuwa ametoka Jumapili saa nane mchana, na saa zake 12 za mapumziko zingetimia saa nane usiku ileile. Angeingia saa hiyo na kuendelea moja kwa moja na zamu yake ya asubuhi hadi Jumatatu saa nane mchana, nazo zikawa saa 12. Karani wa jioni naye, aliyetoka saa nane usiku, angekuwa na saa 12 kamili kabla ya kurudi Jumatatu saa nane mchana. Kugawa usiku saa saba au saa tisa kungemvunjia mmoja wao kikomo cha kazi na mapumziko pia.

Yapo masharti mawili ambayo hayawezi kuachwa. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, hivyo msimamizi aliwauliza makarani na kusubiri jibu, hakuwatumia ujumbe wa amri kwenye kundi la wasapu. Kisha kuna malipo. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa, na kazi iliyofanywa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi huongezewa angalau asilimia 5, ambayo kwa saa za ziada hupigwa juu ya kiwango cha ziada. Tuchukue mfano wa karani ambaye saa yake ya kawaida ni shilingi 3,000. Saa ya ziada inakuwa 4,500, nyongeza ya usiku ni 225, jumla 4,725. Kwa saa nne ni shilingi 18,900. Msimamizi aliiandika hesabu hiyo siku ileile na kuipeleka kwa mhasibu, kwa kuwa makubaliano ya mdomo kuhusu usiku wa dharura husahaulika upesi mwisho wa mwezi.

Lilibaki suala la usafiri. Saa nane usiku hakuna daladala ya kutegemea kutoka Tandika hadi Kurasini, na si haki kumwacha mtu atafute bodaboda wakati huo kwa gharama yake. Dereva wa haisi aliongezewa safari moja, ya kumleta karani wa pili na kumrudisha wa kwanza. Jumapili saa tatu na nusu usiku msimamizi alimpigia simu dereva, akataka kusikia majina ya waliomo garini, na saa nne na robo akapigiwa na fundi aliyemsomea vipimo vya kwanza vya daftari la joto.

Kurekebisha ratiba isirudie

Marekebisho ya jedwali yalikuwa madogo kuliko wengi walivyotarajia. Fomula ya kuhesabu haikubadilishwa hata herufi moja. Kilichobadilishwa ni seli inazozisoma: safu ya D sasa ina tarehe na saa ya kuingia kwa pamoja, mathalani tarehe 23 saa 22:00, na safu ya E haiandikwi kwa mkono, bali huzaliwa na D:

```
=D2+TIME(8,0,0)
```

Kwa kuwa tarehe imo ndani ya seli, saa 22:00 ya tarehe 23 ikiongezwa saa nane inakuwa 06:00 ya tarehe 24, na kumaliza hakuwezi tena kuwa kudogo kuliko kuanza. Kiongozi wa kundi hana nafasi ya kuchagua tarehe ya kukabidhi, kwa sababu tarehe anayoulizwa ni ya kuingia tu. Safu ya G nayo iliwekwa tarehe na saa, tena kwa nusu saa, yaani 22:30, 23:30 na kuendelea. Sababu ni kwamba kompyuta huhifadhi saa kama sehemu ya siku, na saa inayoangukia hasa kwenye mpaka wa zamu inaweza kuhesabiwa upande usio wake kwa tofauti ndogo ya desimali. Katikati ya saa hatari hiyo haipo.

Rangi nyekundu zilirudishwa kwenye saa za usiku, zikawa zinawaka pale tu watu wanapopungua watatu. Kisha msimamizi alilijaribu jedwali kwa kuliharibu makusudi: alifuta jina moja kwenye nakala, akaona saa nane zikigeuka nyekundu, halafu akasogeza kundi zima siku moja nyuma, akaona usiku mmoja ukionyesha sita na mwingine sifuri, sawasawa na yaliyotokea. Ukaguzi ambao haujawahi kuonekana ukikamata kosa haupaswi kuaminiwa.

Kwenye karatasi inayobandikwa ukutani, neno "Usiku" likifuatwa na tarehe moja liliondolewa. Mahali pake paliandikwa "Usiku wa Jumapili 23 kuamkia Jumatatu 24", ili anayesoma akiwa amesimama mlangoni asihitaji kufungua kompyuta.

Jedwali hilo bado halijui mambo mawili. Halijui watu wanapobadilishana zamu kwa mdomo, na halijui nani amepanda gari. Kwa hiyo orodha ya dereva imewekwa kuwa kipimo cha pili: huandaliwa na dereva mwenyewe kwa kuwauliza watu, bila kunakili ratiba, na kila Ijumaa alasiri karatasi hizo mbili huwekwa mezani pamoja na kulinganishwa jina kwa jina kwa usiku wa mpaka. Mpaka uliofuata ulikuwa usiku wa Jumapili tarehe 30 kuamkia Jumatatu tarehe 31, na karatasi zote mbili zilikuwa na majina matatu, yaleyale.